Mafunzo ya migomba Kavumu, Jumatano tarehe 14 Oktoba: njoo na fimbo, panga libaki nyumbani



Tunawatangazia siku ya mafunzo juu ya ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule unaoivisha ndizi kabla ya wakati na kuozesha mkungu kwa ndani. Mafunzo yatafanyika Jumatano tarehe 14 Oktoba, pale Kavumu, katika mashamba mawili ya wanachama, mwendo wa dakika 10 hivi kwa miguu kutoka soko. Tutakutana kwanza mbele ya hangari ya kooperative, kisha monitere atatupeleka shambani kwa pamoja.

Tunaanza saa mbili kamili ya asubuhi, yaani 8:00 kwa wanaosoma saa kwenye simu. Ni saa ya kwetu Kivu, si ya Kinshasa ambayo iko nyuma kwa saa moja. Kazi itachukua masaa manne: saa sita ya mchana tunamaliza, tunakula bugali na maharage pamoja, na kila mtu anarudi kwake. Tumechagua asubuhi kwa sababu mwezi huu mvua inapenda kunyesha baada ya mchana, na kwa sababu wanaotoka mbali, upande wa Katana na Luhihi, wanapaswa kufika nyumbani jua likiwa bado juu.

Hakuna pesa ya kulipa ili kuingia. Hakuna pia pesa ya transporti wala perdiem. Tunasema hivyo mapema ili mtu asije akavunjika moyo mlangoni.

Vitu vya kuleta ni hivi. Fimbo moja ndefu yenye panda juu, urefu wa kumpita mtu mzima mara moja na nusu. Bote au viatu vya kufunga. Sahani yako na kikombe chako. Kaye na biki kwa anayeandika. Na kifuko kidogo chenye punje za maharage na za mahindi, tutaeleza chini ni za nini.

Vitu vya kuacha nyumbani ni vitatu: panga, machipukizi ya migomba, na majani ya mgomba ya aina yoyote, hata yale ya kufungia chakula. Monitere atasimama njiani, na mwenye panga ataombwa kuliacha kwenye hangari. Tunajua kwamba wengine watasema: "Mafunzo ya shamba bila panga, ni mafunzo gani hayo?" Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe, na ndilo tunataka kuwaeleza katika kurasa hizi.

Kwa nini sasa, na si baada ya mavuno

Karibu kila mmoja wetu amepanda maharage ya msimu A chini ya migomba. Maharage yameota, yanatafuta jua, na mkulima anafanya alichofundishwa na wazazi wake: anachukua panga na kupunguza majani ya mgomba ili mwanga ufike chini. Anaanza mwisho mmoja wa shamba, anamaliza mwisho mwingine. Katika asubuhi moja panga lile linagusa utomvu wa migomba 100 au zaidi, moja baada ya nyingine, bila kuoshwa hata mara moja.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria, mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho, anayeishi ndani ya utomvu. Hapa Kongo ulitambuliwa kwanza Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na toka hapo ulishuka hadi kwetu Kivu ya Kusini. Mgomba mmoja ukiwa na bakteria, na panga likikata jani lake, bakteria wanabaki kwenye ubavu wa panga. Jani linalofuata likikatwa, wanaingia kwenye kidonda kipya. Mgomba huo hauonyeshi kitu siku hiyo. Unaendelea kusimama kijani kwa wiki kadhaa, na mkulima anasahau kabisa kwamba alipita pale na panga. Ukija kunyauka, anasema ni jua, au ni udongo, au ni mtu mwenye wivu.

Ndiyo maana tumeweka siku hii katikati ya kupanda na palizi. Anayesubiri mpaka Januari atakuwa amekwisha kupunguza majani, na kama ugonjwa ulikuwa ndani ya shamba lake, atakuwa amekwisha kuutembeza mstari kwa mstari.

Shamba tutakaloliona

Shamba la kwanza ni la mama mmoja mwanachama. Lina mashina 120. Hapa tunaposema shina, tunataka kusema familia yote inayotoka mahali pamoja: mama aliyebeba mkungu, binti anayekua, na mjukuu anayechomoza. Kwa hiyo mashina 120 ni karibu migomba 360 iliyosimama.

Mwezi wa saba mama huyo aliona ndizi zinageuka njano zikiwa bado nyembamba kama vidole vya mtoto. Alituambia hivi: "Miye nilifurahi. Nikasema mwaka huu Mungu ametuharakishia kasiksi. Kukata ndizi moja, ndani iko na rangi ya kutu. Hata mbuzi ilikataa."

Shauri alilolisikia miaka ya nyuma lilikuwa kung'oa shina zima, pamoja na mizizi yote, kila mahali mgomba mmoja unapogonjwa. Lilikuwa shauri la kweli kwa upande mmoja, kwa maana linaondoa bakteria wote. Lakini mwanamke mwenye jembe moja hawezi kung'oa mashina mengi kwa siku, na anayeng'oa mama pamoja na binti mzima anapoteza mikungu ya miaka miwili. Wengi walianza, wakachoka, wakaacha. Mashamba yaliyoachwa hivyo yamebaki kuwa chungu cha ugonjwa kwa majirani.

Monitere wetu alimwonyesha njia nyingine: kuondoa mgomba mgonjwa peke yake, na kuacha ndugu zake. Unaukata chini kabisa, usawa wa udongo. Huchimbi. Hugusi binti aliye kijani pembeni. Unabeba kilichokatwa, unakilundika mahali pamoja ndani ya shamba lako mwenyewe, mbali na mashina mazima, wala hukitupi njiani au mtoni. Halafu unasafisha panga kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine, hata kama mwingine huo ni mgonjwa pia.

Njia hii inafaa kwa sababu bakteria hawaingii katika familia nzima kwa siku moja. Mara nyingi mama anakufa wakati binti au mjukuu bado hajaguswa. Ukimwondoa mama mapema, unawapa watoto nafasi ya kupona. Si wote watakaopona. Mmoja au wawili watakuwa wamekwisha kuupata bila kuonyesha, na hao watanyauka baadaye. Ndiyo sababu kazi hii hairudiwi mara moja tu, bali kila wiki.

Mama aliandika kila kitu kwenye kaye ya mtoto wake, na ameruhusu tuwasomee. Mzunguko wa kwanza wa mwezi wa saba alikata migomba 11. Wiki iliyofuata 4, kisha 3, kisha 2. Mwanzo wa mwezi wa nane alikata mmoja tu. Alianza kusema kwa majirani kwamba ugonjwa umekwisha.

Wiki ya tatu ya mwezi wa nane akakuta migomba 7 imenyauka kwa mara moja. "Siku ile nililia," anasema. "Nikamuita monitere, nikamwambia: kazi yako ni ya bure."

Monitere hakubishana naye. Alimwomba watembee pamoja na kuangalia mahali penyewe. Migomba ile 7 haikuwa imetawanyika. Ilikuwa imefuatana kama watu walio kwenye mstari, kutoka kwenye njia mpaka karibu na nyumba. Na hakuna hata mmoja uliokuwa umeanza kunyauka kutoka kwenye ua lake. Yote ilianza kwenye majani. Hapo ndipo waliulizana nani alipita mstari ule na panga. Kijana wa nyumbani akakumbuka: mwisho wa mwezi wa saba alikata majani ya kulisha mbuzi, akianzia njiani, akirudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba panga lile asubuhi yake lilikuwa limekata mgomba mgonjwa.

Toka siku hiyo nyumba ile ina sheria moja: panga la mgomba linakaa mahali pake, karibu na jiko, na hakuna anayelichukua bila kulipitisha kwenye moto. Baada ya ile 7, alikata tena 3, kisha mmoja, na mizunguko mitatu ya mwisho wa mwezi wa tisa hakukuta mgonjwa. Kwa jumla amepoteza migomba 32 kati ya ile 360. Mizunguko yote ya wiki ilimchukua saa moja moja, asubuhi kabla ya kwenda kwenye maharage.

Hatusemi kwamba shamba lake limepona kabisa. Bado anazunguka kila wiki, na anajua kwamba mgomba mmoja unaweza kuchomoza na ugonjwa hata baada ya miezi. Lakini mwezi huu amekata mikungu, na mikungu hiyo ni mizima kwa ndani.

Shamba la pili ni la shemeji yake, ng'ambo ya njia. Huko ugonjwa bado uko. Amekubali tuje kujifunzia kwake, na kazi ya kukata tutaifanya kwake pamoja. Tunamshukuru, kwa sababu si kila mtu anapenda watu 40 waone ugonjwa wa shamba lake.

Tutafanya nini toka saa mbili mpaka saa sita

Nusu saa ya kwanza ni ya kuandikisha majina na kuhesabu punje. Hapa ndipo kifuko chako kinaingia. Kabla ya Jumatano, zunguka shamba lako. Kwa kila shina zima tia punje moja ya haragwe ndani ya kifuko. Kwa kila shina lenye hata mgomba mmoja unaoshuku, tia punje moja ya hindi. Usikate kitu, usiguse kitu, hesabu tu. Ukifika, monitere atahesabu nawe. Kama mahindi ni machache kati ya maharage, njia ya kukata mgomba mmoja mmoja inakufaa. Kama mahindi yamezidi mashina 7 kwa kila mashina 10, njia hiyo itakuchosha bure. Kwa shamba kama hilo ni afadhali kung'oa yote, kulima maharage au mahindi kwa miezi 6 bila mgomba hata mmoja, na kupanda tena kwa machipukizi yanayotoka mahali pasipo na ugonjwa. Bakteria hawa hawaishi muda mrefu kwenye udongo mtupu. Wanahitaji mgomba.

Saa moja inayofuata tutatembea tukijifunza kutambua. Mambo ya kuangalia si mengi. Ugonjwa ukiingia kwa panga, jani linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto: linalegea, linageuka njano, linavunjika kwenye mshipa wa katikati na kuning'inia. Linaweza kuwa jani la katikati au hata lile changa. Ugonjwa ukiingia kwa wadudu, ni lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu ndilo linaloanza: linanyauka na kukauka, kisha ndizi zinaiva ovyo, moja njano, moja kijani, kwenye chane moja. Ukikata ndizi hiyo unakuta rangi ya kutu ndani. Ukikata shina lake, unangoja dakika chache, na unaona ute wa njano, mzito kama usaha, unatoka kwenye kidonda.

Kuna ugonjwa mwingine wa zamani ambao watu wanauchanganya na huu. Ule unaanza kwenye majani makuukuu ya chini, unapanda pole pole, mara nyingi shina linapasuka karibu na udongo, na ndani yake kuna michirizi ya rangi nyekundu. Lakini ndizi zake hazina kutu ndani, na ukikata hakuna usaha wa njano. Ukiona hivyo, mwite monitere kabla ya kufanya lolote, kwa maana matunzo yake ni mengine.

Baada ya hapo, kwa saa moja na nusu, tutakata. Mapanga matatu ya mafunzo yatakuwepo, na moto wa majani makavu utakuwa umewashwa. Kila mtu atakata mgomba mmoja mgonjwa na kusafisha panga kwa mikono yake. Watu wengi wanakosea hapa. Wanapitisha panga juu ya moto mara moja, kama mtu anayepiga ishara ya msalaba, na wanadhani limesafika. Panga linapaswa kukaa ndani ya ndimi za moto, pande zote mbili, mpaka liwe moto kiasi cha kutoweza kuligusa. Kwanza lipanguse utomvu na udongo, kwa sababu chini ya tope bakteria wanajificha. Ukiwa na mapanga mawili, kazi inakwenda haraka: moja liko kwenye moto, moja liko mkononi.

Mwenye uwezo anaweza kutumia maji ya javeli: kipimo kimoja cha javeli ya dukani na vipimo vitano vya maji, ndani ya ndoo ambamo panga linazama. Lakini javeli inapoteza nguvu ikikaa juani au ikijaa utomvu. Maji yakichafuka, yamwage na utengeneze mengine. Pia inakula chuma, kwa hiyo osha panga na kulikausha jioni. Moto haununuliwi, ndiyo sababu sisi tunaanza na moto.

Saa ya mwisho ni ya fimbo. Lile ua jekundu linatoa asali, na nyuki na nzi wanaokuja kunywa wanabeba bakteria kutoka ua moja kwenda lingine. Migomba ya pombe, kama ile ya kayinja, ndiyo inayopata zaidi ugonjwa kwa njia hiyo. Dawa yake ni kuondoa ua mapema, mara tu chane ya mwisho imekwisha kujitokeza. Unaingiza panda ya fimbo kwenye shingo ya ua, unazungusha, linavunjika na kuanguka. Hakuna chuma kilichogusa utomvu. Usitumie panga lililofungwa kwenye mti, hata kama ndiyo desturi ya shamba lako: hapo unafunga mlango wa wadudu na kufungua mlango wa panga. Wengine wanaogopa kwamba mkungu utaharibika. Hauharibiki, kwa sababu ndizi zote zimekwisha kutoka, na lile ua halizai ndizi tena.

Nani aje

Nafasi ni 40 tu, kwa sababu watu wakizidi hapo hawaoni kitu. Hatutaki watu 40 kutoka vijiji 40. Ugonjwa huu hauheshimu mpaka wa shamba. Ukisafisha kwako na jirani akaacha, nyuki watakurudishia. Kwa hiyo monitere ataandika watu kwa vikundi vya majirani, walau nyumba nne ambazo mashamba yao yanagusana.

Kutoka kila nyumba tunaomba waje wawili: mwenye kuamua juu ya migomba, na mwenye kushika panga kila siku. Katika nyumba nyingi hao si mtu mmoja. Baba anasema mgomba ni wake, mama anapalilia maharage chini yake, na kijana ndiye anayekata majani ya mbuzi. Mkimtuma baba peke yake, kijana ataendelea kama zamani, na mmeona katika shamba la mama yule inavyokwenda. Mama mwenye mtoto mchanga aje naye, kuna kivuli kwenye hangari.

Kujiandikisha, mpitie monitere wa kooperative yenu mpaka Jumatatu tarehe 12 jioni. Tangazo hili litasomwa pia kanisani Jumapili tarehe 11, na wakubwa wa vijiji wamepewa barua. Asiyejua kusoma amwombe jirani amsomee, hasa sehemu ya vitu vya kuacha nyumbani.

Mvua ikinyesha asubuhi ile, hatukati. Kwenye majani yenye maji moto hauwaki vizuri na miguu inabeba tope kutoka shamba moja hadi lingine. Tutangoja kwenye hangari mpaka saa tatu na nusu. Ikiendelea, tutaahirisha mpaka siku inayofuata, Alhamisi tarehe 15, saa ile ile na mahali pale pale. Mkitoka shambani, wote tutasugua bote kwa maji na sabuni kabla ya kurudi njiani.

Mpaka siku hiyo ifike

Kuna siku kadhaa kati ya leo na tarehe 14, na katika siku hizo maharage yenu yatadai mwanga. Tunawaomba jambo moja tu. Kabla ya kupunguza majani, zunguka kwanza ukiwa mikono mitupu. Ukiona hata mgomba mmoja unaoshuku, acha majani yakae. Maharage yatapata jua kidogo mwaka huu, na mavuno yake yanaweza kupungua kidogo, hatufichi. Lakini msimu wa maharage unarudi mwezi wa pili. Shina la mgomba lililokufa halirudi kabla ya mwaka mmoja na zaidi. Katika shamba ambamo ugonjwa umeonekana, majani yasikatwe kabisa kwa miezi mitatu ya kwanza, isipokuwa na panga lililopita motoni kwa kila shina. Mbuzi nao wafungwe, kwa maana wakitafuna mgomba mgonjwa na kwenda kutafuna mzima, mdomo wao unafanya kazi ya panga.

Na kama mtu anapita kijijini akiuza dawa ya kupuliza juu ya migomba, weka pesa yako. Dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kupata ugonjwa huu haipo. Tunachokuwa nacho ni macho ya kuona mapema, moto, fimbo, na jirani anayefanya vile vile.

Monitere atapita kwa kila kikundi Jumatano ya tarehe 21 na zile zinazofuata, kuangalia kaye zenu na kuzunguka nanyi. Fimbo mtakayokuja nayo Kavumu mtarudi nayo nyumbani, ndiyo chombo chenu toka siku hiyo. Basi itafuteni mapema, mti mgumu lakini mwepesi, na panda yake iwe na upana wa kuingiza shingo ya ua bila kulegea.

Tukutane mbele ya hangari Jumatano tarehe 14 Oktoba, saa mbili ya asubuhi.